Droni ikianguka, chunguza kwanza kilichotangulia

DRONI inapoanguka, wamiliki wengi hukimbilia kubadilisha betri au mota, kisha huirusha tena na kuishuhudia ikianguka kwa kosa lile lile.

Ilhali kompyuta yake huandika kumbukumbu za kila safari. Anayezisoma huweza kutofautisha vyanzo vitatu vinavyochanganywa mara kwa mara: mota kupotezana na kidhibiti mwendo chake, kompyuta kukosa umeme, na mtetemo uliokithiri.

Kwa droni zinazotumia programu ya ArduPilot, hatua ya kwanza ni kutazama mahali kumbukumbu zinapoishia. Zikikatika ghafla wakati kimo kinaonyesha kuwa droni ilikuwa bado mita 40 angani, inayoshukiwa ni kompyuta kukosa umeme.

Hapo hutazamwa mstari wa `POWR.Vcc`, ambao kwa kawaida hukaa karibu na volti 5 na kuchezacheza kwa volti 0.1 hadi 0.2 tu. Hata hivyo, mporomoko wa mwisho huenda usionekane, kwa kuwa kompyuta iliyozimika haiandiki.

Chukua sasa mfano wa droni ya mota nne ambayo kumbukumbu zake zinafika hadi ardhini. `ATT.DesRoll`, yaani mlalo ulioamriwa, umebaki karibu na sifuri, lakini `ATT.Roll`, mlalo halisi, umeruka hadi nyuzi 60 kulia katika muda usiotimia sekunde moja, huku pua ikiinama.

Wakati huo huo, `RCOU.C1`, amri inayopelekwa kwa mota ya mbele kulia, imepanda hadi kikomo, na `RCOU.C2`, ya mota iliyo mkabala wake kimshazari, imeshuka. Maana yake ni kwamba kompyuta iliidai mota ya kwanza nguvu zote, lakini haikuzipata.

Hilo pekee halithibitishi kuwa mota na kidhibiti vilipotezana, kwani pangaboi lililochomoka huacha alama hizo hizo. Kidhibiti kinachoripoti mizunguko ya mota ndicho hutoa jibu: pangaboi likichomoka, mota huzunguka kasi zaidi, vikipotezana, mizunguko huporomoka. Waya uliokatika nao huiporomosha, hivyo viungo vikaguliwe kabla ya kununua mota mpya.

Mtetemo husomwa kwenye `VIBE`. Chini ya mita 30 kwa sekunde kwa sekunde kwa kawaida hauna madhara. Ukizidi 60, droni karibu daima hushindwa kushika kimo au mahali ilipo.

Lakini droni inayobiringika angani nayo huinua mstari huo. Kwa hiyo, zitazamwe dakika zilizotangulia ajali. Mtetemo ukiwa tulivu hadi mlalo ulipoachana na amri, basi ni matokeo tu, na chanzo kitafutwe kwingine.