Mteja Akisema "Safi", Bado Hajakuambia Kitu

Mhudumu wa mgahawa akimuuliza mlaji "chakula kilikuwaje?", jibu linajulikana kabla tonge la mwisho halijamezwa: "Safi." Si kwamba mlaji ni mwongo. Swali limemjia kwa sura ya salamu, na salamu kwetu hujibiwa kwa wema kwanza. Hata mwenye mgonjwa nyumbani huanza na "nzuri", ndipo aseme "ila". Wenye migahawa wengi huichukua ile "nzuri" wakaondoka nayo, "ila" hawaingoji.

Vyombo vya kukusanyia maoni havikosekani. Ofisi za umma zina sanduku ukutani, benki hutuma ujumbe mfupi, hoteli huweka kitabu cha wageni mapokezi. Kampuni kubwa hupenda swali lililotangazwa na Fred Reichheld mwaka 2003 katika jarida la Harvard Business Review: kuanzia 0 hadi 10, kuna uwezekano gani kwamba utampendekezea rafiki yako huduma hii? Waliotoa 9 au 10 huhesabiwa kuwa wapiga debe wa kampuni, waliotoa 0 hadi 6 kuwa wasioridhika, kisha asilimia ya hawa hutolewa kwenye asilimia ya wale. Kwa kampuni yenye wateja laki kadhaa, namba hiyo ina kazi yake. Kwa mgahawa wa meza kumi haisaidii sana, maana 6 haisemi kama kero ni samaki, choo au ulimi wa mhudumu.

Mwenye mgahawa wa aina hiyo anahitaji swali moja linalouliza jambo lililotokea leo, kwa namna ambayo "safi" haitoshi kulijibu. Kwa mfano: "Leo ni kitu gani kimekuchelewesha au kukukera hapa?" Au: "Tukibadilisha kitu kimoja tu, kiwe kipi?" Swali la pili lina faida moja zaidi. Linamruhusu mteja kukosoa bila kuonekana mlalamishi, kwa kuwa ameombwa ushauri. Liandikwe kwenye kipande cha karatasi, liletwe pamoja na bili, na mhudumu aondoke mezani. Akibaki amesimama pale, anayeandika atamwandikia yeye. Karatasi moja ya A4 hutoa vipande vinane, kwa hiyo vipande 300 ni karatasi 38 za kudurufu. Gharama iko hapo, na kwenye kalamu, ambazo hupotea kuliko chochote.

Kitabu cha maoni kina ugonjwa wake. Mteja akikifungua husoma kwanza walioandika kabla yake, naye hufuata mkondo: ukurasa ukianza na "Hongereni sana, Mungu awabariki", wanaofuata nao watabariki. Tena kitabu hukaa kaunta, mikononi mwa watu wale wale wanaolalamikiwa. Kurasa hupotea. Dawa yake ni kauntabuku iliyoandikwa namba kila ukurasa kwa wino kabla haijawekwa, ili ukurasa uliochanwa uonekane. Mwenye mali akikuta wiki nzima ni sifa tupu, kwa wino mmoja na mwandiko unaofanana, ajue kitabu kinajazwa jikoni. Mara nyingi kosa ni lake mwenyewe: alishawahi kumfukuza mtu kwa sababu ya mstari mmoja wa mteja, na wafanyakazi wakajifunza.

Namba ya simu isiwe sharti. Mteja anayetakiwa kuandika jina na simu hulainisha maneno. Isitoshe, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Kauntabuku yenye majina na namba za watu, wazi kaunta kwa kila apitaye, ni mzigo usio na sababu.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hadi mwisho. Mgahawa karibu na stendi ya mabasi umegawa vipande 300 kwa wiki mbili. Vimerudi 84. Kati ya hivyo, 31 ni vitupu au vimeandikwa "safi", na 53 vina neno. Mwenye mgahawa anavipanga mezani kwa mafungu: 22 vinasema huduma inachelewa, 9 vinalalamikia chenji, 8 chakula kupoa, na 14 vina hili na lile. Kwa kuwa kila kipande kiliandikwa saa, anaona kwamba 17 kati ya vile 22 ni vya saa saba hadi saa nane mchana. Anahitimisha papo hapo kwamba jiko limezidiwa, na anafikiria kuajiri mpishi wa pili.

Hapo ndipo mazungumzo yanapookoa mshahara wa mtu. Badala ya kutangaza kazi, anakaa na wateja wachache wa mchana, mmoja mmoja, dakika tano tano. Hawaulizi wanaonaje, anawaomba wamsimulie siku ile: uliingia saa ngapi, sahani ilifika lini, ulimaliza lini, ukatoka lini? Dereva wa bodaboda anamwambia, "Chakula kilikuja haraka, mzee. Mimi nilikaa nikingoja buku tatu zangu." Wengine wanasema vivyo hivyo. Mhudumu huchukua noti ya elfu kumi, keshia hana ndogo, mtu anatumwa duka la jirani kuvunja. Mafungu mawili ya karatasi, ya kuchelewa na ya chenji, kumbe kwa sehemu kubwa yalikuwa kero moja.

Tiba haihitaji mpishi. Kila asubuhi zitengwe noti ndogo na sarafu za kutosha, na lipa namba ibandikwe kila meza ili anayetaka alipe kwa simu. Kisha mwenye mgahawa arudie swali lile lile, kwa wiki mbili, saa zile zile. Asibadilishe swali, la sivyo hatajua kama kilichobadilika ni huduma au maneno. Vipande vya kuchelewa vikishuka kutoka 22 hadi vichache, alikisia sawa. Visiposhuka, arudi kwenye mazungumzo kabla hajatoa hela nyingine.

Mipaka ipo, nayo ni mikubwa. Vipande 84 kati ya 300 havimpi mtu haki ya kusema "asilimia fulani ya wateja wangu". Walioandika ni wenye muda, wenye hasira au wenye mapenzi, na namba zao zinaonyesha pa kuchungulia tu. Soda ya bure kwa anayejaza karatasi hununua maneno matamu. Kubwa zaidi, karatasi haimfikii aliyeacha kuja. Huyo hutafutwa kwa miguu, kijiweni au nje ya mgahawa wa jirani, na huulizwa jana alikula wapi na kwa nini kule. Sahani nazo husema bila kuulizwa: maharage yakirudi jikoni nusu kila siku, hakuna haja ya kumsumbua mtu kwa swali.

Kazi inayoachwa kuliko zote ni kumjibu mteja. Masanduku mengi ya maoni hukauka kwa sababu walioandika mara ya kwanza hawakuona kitu. Karatasi moja ukutani yatosha: "Mlisema chenji inachelewa. Sasa noti ndogo zipo tangu asubuhi, na lipa namba iko mezani." Yale yasiyowezekana yaandikwe pia, na sababu yake. Mwenye mgahawa ambaye hajawahi kubandika karatasi kama hiyo, asinunue kitabu kipya cha maoni. Akafungue kwanza cha zamani, achague lalamiko moja lililojirudia, alitatue, na alibandike kabla ya mwisho wa wiki.