Kuondoa Madoa ya Chai na Kahawa Ndani ya Vikombe na Chupa ya Chai

Duara la kahawia linalobaki ndani ya kikombe cha kauri huanza juu ya chai yenyewe. Majani ya chai yana tanini, ile inayoufanya ulimi ukauke mtu anywapo chai kali. Chai ikiachwa mezani, tanini hukutana na hewa pamoja na madini ya chokaa yaliyomo kwenye maji, na vitatu hivyo hufanya utando mwembamba unaoelea. Kwenye chai ya rangi iliyopoa utando huo huonekana vizuri: hung'aa kama mafuta, na kikombe kikitikiswa hupasuka vipandevipande. Kila chai inapopungua kikombeni, sehemu ya utando hubaki ukutani na kukauka. Kesho yake tabaka jingine hupanda juu ya lile la jana, na baada ya wiki kadhaa doa huwa limekuwa gumu kiasi kwamba sabuni ya kawaida hupita juu yake bila kulifanya chochote.

Kwa kuwa chokaa ndiyo inayoushikilia utando, madoa huja haraka zaidi penye maji magumu. Maji ya visima vya Unguja, yanayopita kwenye mwamba wa matumbawe, ni ya aina hiyo, na sabuni haitoi povu kwayo upesi. Maji ya mvua hayana chokaa, ndiyo maana chai iliyopikwa kwayo huacha alama ndogo. Maziwa pia hupunguza doa, kwa kuwa protini yake huidaka tanini kabla haijafika ukutani. Hata hivyo, chai ya maziwa ina taabu yake: masalia ya maziwa yakibaki ndani ya chupa hugeuka harufu. Kahawa nayo ina mafuta ya punje zilizokaangwa, kwa hiyo doa lake huwa na ulaini wa grisi chini ya kidole, na lisiposafishwa mafuta hayo huchacha na kutia ladha mbaya kwenye kinywaji kinachofuata.

Kutokana na hayo, kazi ya kutoa doa ina hatua mbili. Kwanza hutumiwa kitu cha jamii ya magadi, ambacho huilegeza tanini na kukata mafuta. Kisha, ikiwa bado kuna ukoko wa chokaa, hutumiwa kitu kichachu kama ndimu au siki. Nguvu za mkono hazihitajiki sana, kwani joto la maji na muda wa kuloweka ndivyo vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi.

Magadi yanayofaa ni yale ya kupikia, unga mweupe laini wa baikabonati unaotiwa kwenye keki na vitumbua. Hayo si magadi ya mawe yanayochemshiwa maharage, ambayo ni makali zaidi na mara nyingi huwa na mchanga. Kwa kikombe chenye doa la kawaida, nusu kijiko cha chai cha magadi hutiwa ndani, hudondoshewa maji kidogo hadi yawe kama uji mzito, kisha husuguliwa kwa kitambaa chenye unyevu au kwa ncha ya kidole. Chembe za unga huu ni laini kuliko kauri, kwa hiyo hukwangua utando bila kuuchubua ukuta. Ndani ya dakika moja uji huo hubadilika kutoka mweupe kuwa wa kahawia. Hiyo ndiyo dalili kwamba doa linatoka, na kikombe husuuzwa.

Doa la muda mrefu hulowekwa. Kijiko kimoja cha chai cha magadi hutiwa kikombeni, kikombe hujazwa maji yaliyotoka kuchemka mpaka yapite mstari wa juu wa doa, na huachwa nusu saa. Maji yasipofika kwenye mstari huo, kikombe kitakuwa cheupe chini na kubaki na pete juu. Kikombe cha kahawa huoshwa kwanza kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, ili mafuta yaondoke na magadi yafike kwenye doa lenyewe. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu havilowekwi wala havisuguliwi hapo penye ukingo, maana rangi hiyo imepakwa juu na hutoka.

Katika nyumba nyingi kazi hii imekuwa ikifanywa kwa majivu. Majivu ya kuni husafisha kwa sababu nayo yana asili ya magadi, lakini ndani yake mna chembe ngumu za mchanga na mkaa. Chembe hizo, sawa na waya wa kusugulia masufuria, huacha mikwaruzo kwenye ule ukuta wa kioo unaofunika kauri. Siku hiyo kikombe huonekana kimetakata, ila kila mkwaruzo huwa mfereji wa kushikia tanini, na doa linalofuata huja mapema na kukaa zaidi.

Chupa ya chai inahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu mkono haufiki ndani na kwa sababu ya ilivyoundwa. Ina kuta mbili, na katikati yake hewa imeondolewa ili joto lisipite. Muundo huo ulibuniwa mwaka 1892 na James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti. Kuta hizo huwa za kioo katika chupa za zamani na zile za bei nafuu, au za chuma kisichoshika kutu. Zote mbili hazifai kutumbukizwa kwenye beseni la maji. Maji hupenya kati ya ganda la nje na ukuta, hayapati pa kutokea, na baada ya siku chache chupa hutoa harufu ya uvundo ambayo kuosha ndani hakuwezi kuiondoa.

Ichukuliwe chupa ya chuma ya lita moja, iliyobeba chai ya rangi kila siku kwa miezi kadhaa. Ikimulikwa kwa tochi ya simu, ukuta wake huonekana wa kahawia mpaka shingoni, na chini kabisa pana ukoko mweupe. Kifuniko hufunguliwa na kuwekwa kando. Vijiko viwili vya chakula vya magadi ya kupikia hutiwa ndani, kisha maji ya moto humiminwa taratibu hadi shingoni. Chupa huachwa wazi usiku kucha. Asubuhi maji yanayomwagwa huwa meusi kama kahawa, kwa kuwa tanini hukolea rangi ikikutana na magadi. Vipande vya utando vilivyobanduka hutoka pamoja nayo, na vilivyobaki ukutani huondolewa kwa brashi laini ya chupa.

Baada ya kusuuza, tochi huwashwa tena. Ukuta wa kahawia utakuwa umetakata, lakini ukoko mweupe wa chini utakuwepo bado, kwani hiyo ni chokaa na magadi hayaiwezi. Hapo ndipo ndimu inapoingia. Maji ya ndimu mbili au tatu, au nusu kikombe cha siki nyeupe, hutiwa ndani pamoja na maji ya uvuguvugu ya kutosha kufunika ukoko, na huachwa kama saa moja. Chokaa huyeyuka ikitoa viputo vidogo, kisha chupa husuuzwa mara mbili tatu.

Hatua hizi mbili hazichanganywi. Watu wengi hutia magadi na siki kwa pamoja na kufurahia povu linalopanda, hali povu hilo ni hewa tu inayotoka vitu viwili vikiuana nguvu. Kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi yasiyofanya kazi ya magadi wala ya siki. Mchanganyiko huo ukifungiwa ndani ya chupa ni hatari, kwa kuwa hewa inayozaliwa husukuma kifuniko na inaweza kukirusha kwa kishindo. Ndiyo sababu chupa inayolowekwa kwa dawa yoyote huachwa wazi.

Chupa ya kioo hufuata mpango huohuo, ikiongezewa tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya joto: ikiwa imekaa na maji baridi, hutiwa kwanza maji ya uvuguvugu, kwani badiliko la ghafla hupasua kioo. Ya pili ni ya kusugua. Kijiko cha chuma, waya, kokoto na mchanga haviingizwi humo kabisa. Badala yake hutiwa vijiko viwili vya mchele mbichi, maji ya uvuguvugu kidogo na tone la sabuni, kisha chupa huzungushwa taratibu kwa mikono miwili. Punje za mchele husugua kila kona bila kukwaruza. Kukisikika mlio wa vigae au kukionekana ufa, chupa haitumiki tena.

Madoa sugu yaliyokataa magadi huitikia dawa zinazotoa oksijeni. Vidonge vya kusafishia meno ya bandia, vinavyouzwa katika maduka ya dawa, ni vya aina hiyo: kimoja hutosha kikombe kilichojaa maji ya moto, na viwili hutosha chupa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe haifai ndani ya chupa ya chuma, kwa sababu huutoboa chuma vishimo vidogo visivyorekebishika. Tena, klorini ikikutana na ndimu au siki hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu.

Kifuniko nacho hubeba sehemu ya doa na karibu harufu yote. Mpira wake huvuliwa pale unapovulika, hulowekwa nusu saa kwenye maji ya moto yenye magadi, na mfereji wake husuguliwa kwa mswaki wa zamani. Kwenye chupa ya kubonyeza, maji ya magadi hupampuliwa kupitia mrija, kisha maji safi, hadi yatoke bila rangi. Ili kupima kama kazi imekwisha, chupa hujazwa maji yanayochemka, hufungwa dakika kumi, na maji hayo humiminwa kwenye kikombe cheupe. Yakiwa na rangi ya majani makavu au harufu, kuloweka hurudiwa.

Zipo alama ambazo hakuna kuloweka kutakakoziondoa. Mistari ya kahawia inayosambaa kama utando wa buibui ndani ya kikombe cha zamani ni nyufa za ukuta wa kioo, na chai imekwisha kuingia chini yake: magadi huipausha tu. Mistari ya kijivu iliyo sehemu ya chini haitokani na chai, ni chuma kilichoachwa na kijiko cha kukorogea, na uji wa magadi huipunguza kidogo. Kwa vyombo vilivyobaki, kuzuia ni kazi ya sekunde chache: kusuuza kwa maji ya moto mara tu chai inapokwisha, kabla utando haujakauka, na kuihifadhi chupa ikiwa kavu bila kuifunga.