Vikao Vitatu, Taarifa Moja: Kuandika Kumbukumbu ya Mkutano wa Kitabibu

Mkutano wa kitabibu unapogawanyika katika vikao sambamba, hakuna mjumbe anayeusikia wote. Aliyeketi katika kikao cha kliniki hajui kilichobishaniwa chumba cha pili. Mwandishi wa taarifa kuu ndiye anayetakiwa kuuona mkutano mzima, naye huuona kupitia maandishi ya waandishi wa vikao. Kosa lake hugeuka kuwa kumbukumbu rasmi, na kumbukumbu hiyo hugeuka kuwa bajeti.

Tutazame mfano kutoka Tunduma, mji wa mkoa wa Songwe unaopakana na Nakonde ya Zambia. Kwa dereva wa lori au mfanyabiashara anayevuka mpaka kila wiki, matibabu ya kifua kikuu ni mzigo mrefu. Kwa kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Tuseme mkutano umelijadili suala hili katika vikao vitatu: cha kliniki, cha huduma za mpakani na cha wahudumu wa afya ya jamii. Takwimu zifuatazo ni za kufundishia tu.

Kikao cha kliniki kinaripoti kwamba kati ya wagonjwa 120 walioandikishwa, 18 wamepotea katika matibabu, yaani asilimia 15. Kikao cha mpakani kinaripoti wagonjwa 11 waliopewa barua za rufaa kwenda Nakonde, ambao majibu yao hayajarudi. Kikao cha jamii kinasema wagonjwa 7 walitafutwa majumbani bila kupatikana. Mwandishi mwenye haraka atajumlisha na kutangaza wagonjwa 36 waliopotea.

Mwandishi makini huuliza kwanza: hawa ni watu walewale? Akirejea rejista pamoja na waandishi wa vikao, anagundua kwamba wale 11 na wale 7 ndio 18 wa kikao cha kliniki. Hatua ya pili ni kupima istilahi. Kwa tafsiri ya Shirika la Afya Duniani, aliyepotea ni mgonjwa ambaye hakuanza matibabu, au ambaye matibabu yake yamekatika kwa miezi 2 mfululizo au zaidi. Aliyehamishiwa kituo kingine, na matokeo yake hayajulikani, huhesabiwa miongoni mwa wasiotathminiwa. Kwa hiyo, ikiwa wale 7 wametimiza kigezo cha miezi 2, waliopotea ni 7 kati ya 120, na wasiotathminiwa ni 11.

Tofauti hii si ya maneno. Tarakimu 18 ingepeleka fedha zote katika kuwatafuta wagonjwa vijijini, ilhali wengi wao huenda wanameza dawa ng'ambo ya mpaka, na kilichokosekana ni jibu la barua. Wale 7 nao, ambao huenda wanaambukiza familia zao, wangefunikwa na wingi huo.

Ili ugunduzi huu uwezekane, waandishi wote wa vikao wapewe fomu moja kabla ya mkutano. Iwe na sehemu nne: kilichowasilishwa, kilichokubaliwa, kilichobaki na ubishi, na chanzo cha kila takwimu pamoja na jumla iliyotumika. Wakutane jioni ya siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu hazijapoa. Taarifa kuu ipangwe kwa maswali, si kwa vyumba. Swali la hapa ni moja: mgonjwa anayevuka mpaka anapotelea wapi? Taarifa inayosimulia kikao cha kwanza, cha pili na cha tatu kwa zamu ingeziacha tarakimu 18, 11 na 7 katika kurasa tofauti, na mgongano wake usingeonekana.

Pendekezo nalo lijengwe juu ya matokeo hayo. "Ushirikiano wa mpakani uimarishwe" halimwajibishi mtu. Linganisha na hili: "Mratibu wa kifua kikuu wa Halmashauri ya Mji wa Tunduma ampelekee mwenzake wa Nakonde, kila mwezi, orodha ya rufaa zisizojibiwa, baada ya miezi 6 ipimwe idadi ya rufaa zilizojibiwa kati ya zote zilizotolewa." Hapa kuna mtendaji, kitendo, muda na kipimo. Pembeni paandikwe kikao kilikotoka. Pendekezo lisilo na asili katika kikao chochote ni maoni ya mwandishi, nalo liondolewe.

Ubishi usifichwe. Ikiwa kikao kimoja kilitaka majina ya wagonjwa yapelekwe kwa simu, na kingine kikapinga kwa kuhofia kuvuja kwa siri, taarifa iseme hivyo na itaje nani atalitolea uamuzi. Mwisho, rasimu isomwe mbele ya wajumbe wote kabla hawajatawanyika. Aliyeleta ile tarakimu 18 awepo, asikie jinsi ilivyogawanywa, na apate nafasi ya kuipinga.