Kumtenga Mwulizaji na Mgeni Wake

Mswahili akisimuliwa jambo hakai kimya. Ataitika "naam", "ehe", "kumbe", ili msimuliaji ajue kwamba anafuatwa. Katika mazungumzo huo ndio uungwana wenyewe, lakini katika mahojiano ya redio mwitiko huo humpa mhariri kazi, kwa sababu kila "ehe" ya mwulizaji inaangukia juu ya neno la mgeni. Ukiwa na sauti zote mbili kwenye wimbi moja, huwezi kuiondoa bila kuliondoa na neno.

Dawa ipo ikiwa kila mtu alivalishwa maikrofoni yake na kinasa sauti kikaziandika katika chaneli mbili, ya mwulizaji kushoto na ya mgeni kulia. Faili hiyo ya stereo ni rekodi mbili zilizofungwa pamoja, na kuzifungua ni kazi ya dakika chache. Lakini si kila faili ya stereo iko hivyo, na hapo ndipo wengi hupoteza muda. Vifaa vingi vya maikrofoni zisizo na waya vina mpangilio wa kuchagua: ama kila maikrofoni iende upande wake, ama zote zichanganywe. Zikichanganywa, kushoto na kulia kutakuwa na kitu kilekile, na kuzigawa kutakupa nakala mbili za mchanganyiko uleule.

Kwa hiyo ipime faili kwanza. Vaa hedifoni, usikilize sikio moja moja. Ukitaka uhakika zaidi, ifungue katika programu ya bure ya Audacity, ubofye jina la rekodi na kuchagua `Split Stereo to Mono`. Zitatokea rekodi mbili. Chagua moja, tumia `Invert` kuligeuza wimbi lake juu chini, kisha zicheze zote pamoja. Kukiwa kimya kabisa, chaneli zilikuwa sawasawa na hakuna cha kutenganisha. Ukizisikia sauti, chaneli zinatofautiana. Rudisha geuzo ulilofanya na uendelee.

Zipe rekodi majina, "mwulizaji" na "mgeni", kisha nenda `Export Audio` na uchague `Multiple Files` ili kila moja iwe faili yake. Mwenye mahojiano mengi anaweza kutumia FFmpeg, ambayo hufanya kazi hiyo kwa amri moja:

```
ffmpeg -i mahojiano.wav -filter_complex "channelsplit=channel_layout=stereo[L][R]" -map "[L]" -c:a pcm_s24le mwulizaji.wav -map "[R]" -c:a pcm_s24le mgeni.wav
```

Sehemu ya `pcm_s24le` ni ya rekodi za biti 24. Ukiiacha, FFmpeg huandika WAV ya biti 16, na sauti iliyonaswa chini mno hupoteza sehemu ya ubora utakaouhitaji utakapoipandisha.

Tuseme mgeni ni fundi wa majahazi mwenye sauti ya chini, ameketi mita moja na nusu kutoka kwa mwulizaji, na kila mmoja ana maikrofoni kifuani. Faida ya kwanza utaipata mara moja: utapandisha sauti ya fundi bila kuigusa ya mwulizaji. Kisha utazifuata zile "ehe" katika rekodi ya mwulizaji na kuzishusha. Hazitatoweka kabisa, kwani maikrofoni ya fundi nayo ilizisikia kwa mbali. Kugawa chaneli hutenganisha maikrofoni, hakutenganishi hewa ya chumba. Ndiyo maana maikrofoni kuwa karibu na mdomo ni muhimu kuliko programu yoyote.

Mvujo huo una madhara mengine. Sauti ya fundi huifikia maikrofoni ya mwulizaji ikiwa imechelewa kama milisekunde 4. Ukiziacha rekodi zote mbili wazi kwa nguvu moja, sauti yake na mwangwi wake mdogo hugongana, na fundi atasikika kama anayezungumza ndani ya pipa. Basi shusha rekodi ya asiyezungumza kwa desibeli 12 hivi, bila kuinyamazisha kabisa. Ukiizima ghafla, uvumi wa chumba nao hukatika na msikilizaji hushtuka.

Kosa baya zaidi kuliko yote ni kukata sekunde moja katika faili ya fundi na kuisahau ya mwulizaji. Tangu hapo majibu yatawahi maswali, na ule mvujo utasikika kama mwangwi dhahiri. Kata kubwa zifanywe kwenye rekodi zote mbili kwa pamoja. Katika Audacity, washa `Sync-Lock` kabla hujaanza. Na faili ya asili ya stereo usiifute hadi kipindi kirushwe.