Kwa nini Kairo husema mad-RA-sa

Mtu wa Kairo akitaja shule husema mad-RA-sa, mkazo ukiwa katikati. Akitaja ng'ombe kwa neno lililobeba jina la sura ya pili ya Kurani, husema BA-qa-ra, mkazo ukiwa mwanzoni. (Mtaani hiyo q humezwa kooni, lakini mkazo hauhami.) Maneno yote mawili yana silabi tatu na yote huishia kwa a. Kinachoyatenganisha ni uzito wa silabi ya kwanza.

Kiswahili hakijali uzito huo. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama barabara yenye maana ya "sawasawa", ambayo mkazo wake uko kwenye ra ya kwanza. Kiarabu hupima. Silabi inayoishia kwa irabu fupi, kama ba, ni nyepesi na huhesabiwa mora moja. Silabi yenye irabu ndefu, kama taa, au inayofungwa na konsonanti, kama mad, ni nzito na ina mora mbili. Konsonanti ya mwisho kabisa wa neno haiingii katika hesabu, na bila kanuni hii ndogo mengine yote huvurugika.

Baada ya kupima, mora hufungwa mbilimbili kuanzia mwanzo wa neno. Silabi nzito hutosha kuwa fungu peke yake. Nyepesi huhitaji mwenzake, na katika fungu la mbili ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Mkazo wa neno huangukia fungu la mwisho.

Sasa neno la shule linajieleza. Mad ni nzito, imekuwa fungu. Zinabaki ra na sa, zinafungwa pamoja, na ra inapata mkazo. Katika baqara, ba na qa hufungwa kwanza. Ra inabaki bila mwenzake, haina fungu, na mkazo hauwezi kuifikia wala kuikaribia. Kitaab hufuata njia hiyohiyo: ki inaachwa, taa ni fungu, b ya mwisho haihesabiwi. Hivyo ki-TAAB.

Uzuri wa hesabu hii huonekana neno linaporefuka. Wamisri wanaposoma Kiarabu fasaha, "mti" ni sha-ja-RA-tun. "Mti wake" ni sha-ja-RA-tu-hu: mafungu ni shaja na ratu, na hu imebaki nje. "Mti wao wawili" ni sha-ja-ra-tu-HU-maa, kwa sababu sasa hu imepata mwenzake. Anayehesabu silabi kutoka mwisho peke yake hawezi kueleza kwa nini mkazo ulitulia mahali pamoja mara mbili, kisha ukaruka silabi mbili.

Mwanaisimu John McCarthy aliuchambua mkazo wa Kairo mwaka 1979, na Bruce Hayes akauweka katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu mkazo wa lugha za dunia. Hayes alitambua aina tatu za mafungu. Moja huhesabu silabi bila kuangalia uzito, na fungu la Kiswahili huwekwa humo. Ya pili huhesabu mora, kama Kairo. Ya tatu huweka nguvu mwishoni, na lugha nyingi zenye fungu hilo hurefusha irabu yenye mkazo. Kihixkaryana cha Brazili ni mfano mmoja.

Kuna ugumu mmoja wa kweli. Wataalamu wengi hawasikii mkazo mdogo kwenye mafungu ya mwanzo ya maneno ya Kairo, kwa hiyo mafungu hayo hujulikana kwa athari yake tu: mahali mkazo mkuu unapotua. Ushahidi huo si wa moja kwa moja, lakini una nguvu, kwa sababu unatabiri hata maneno ambayo msemaji hajawahi kuyasikia.

Tena, uzito uleule hauleti matokeo yaleyale kila mahali. Wapalestina husema MAD-ra-sa. Wao hupima na kufunga vilevile, ila fungu linalogusa mwisho kabisa wa neno hunyimwa mkazo. Rasa inarukwa, mad inaupokea. Katika baqara fungu baqa haligusi mwisho, ndiyo maana hapo Kairo na Palestina hukubaliana.

Mswahili anayejifunza Kiarabu cha Kairo hupotea mahali panapotabirika. Kanuni ya nyumbani humfikisha salama kwenye mad-RA-sa na mu-DAR-ris, "mwalimu", kwa bahati tu, kisha humwangusha kwenye BA-qa-ra na ki-TAAB. Mwalimu wake asimsahihishe neno mojamoja. Amfundishe kupima silabi kwanza.