Ndoo Kumi na Mbili Zinaporudi kwa Muuzaji

Mzigo ulionunuliwa kwa mkopo ukirudishwa kwa muuzaji, vitabu vya mnunuzi hubadilika mahali patatu kwa mpigo: deni hupungua, mali iliyo stoo hupungua, na kodi ya manunuzi nayo hupungua. Karatasi inayoanzisha yote hayo ni debiti noti, ambayo mnunuzi humwandikia muuzaji. Jina hilo limetokana na kitabu chenyewe. Muuzaji anayedai hukaa upande wa krediti, kwa hiyo ili deni lake lishuke, akaunti yake huandikwa upande wa debiti.

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi la Morogoro lililosajiliwa kulipa Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT. Mwezi Machi duka linaagiza ndoo 100 za rangi kutoka Dar es Salaam, kila moja shilingi 50,000 kabla ya kodi. Bei ni 5,000,000, na kodi kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, asilimia 18, ni 900,000, hivyo deni lote ni 5,900,000. Lori la kukodi, lisilotoza VAT, linalipwa 200,000. Kodi hairundikwi kwenye bei ya mali, kwa sababu duka litaidai. Nauli ndiyo inayoongezwa, na kila ndoo inaingia stoo kwa 52,000.

Aprili, fundi anafungua ndoo na kukuta rangi imeganda chini. Zinakaguliwa zote, na 12 za toleo lilelile zinaonekana ni mbovu. Debiti noti inaandikwa ikitaja namba na tarehe ya ankara ya Machi, idadi ya ndoo, sababu ya kurudisha, bei 600,000 na kodi 108,000, jumla 708,000. Kiwango cha kodi ni kile cha siku ya kununua. Dereva anayezibeba anasaini hati ya kutolea mzigo, na hapo ndoo zinafutwa kwenye kadi ya stoo.

Kwenye vitabu, akaunti ya muuzaji inaandikwa debiti 708,000. Kodi ya manunuzi inaandikwa krediti 108,000. Mali ya stoo je? Wengi huandika 600,000, nao hukosea. Ndoo hizo ziliingia kwa 52,000 kila moja, basi hutoka kwa 624,000. Ile 24,000 inayobaki ni nauli ambayo muuzaji hairudishi, isipokuwa amekubali, kwa hiyo huandikwa debiti kama gharama ya mwezi. Pande zote mbili hufika 732,000.

Upande wa kodi, ritani ya Machi, inayowasilishwa kabla ya au tarehe 20 Aprili, haiguswi. Manunuzi yale yalikuwa ya kweli, na ankara yake ni halali. Marekebisho ya 108,000 huingia kwenye ritani ya Aprili, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 Mei. Hata hivyo debiti noti ni dai la mnunuzi tu. Muuzaji akishaupokea mzigo na kukubali, hutoa krediti noti yake inayotaja ankara ileile, na hiyo ndiyo inayompunguzia kodi ya mauzo. Karatasi mbili hizo huwekwa pamoja faili moja. Mnunuzi akiendelea kushikilia 900,000 ilhali muuzaji amekwisha kupunguza 108,000 yake, Mamlaka ya Mapato itakuwa imepoteza kodi, na ankara za pande mbili zikilinganishwa, jambo hilo halifichiki.

Kosa lililozoeleka zaidi ni kuitoa 708,000 yote kwenye mali ya stoo na kuisahau kodi. Halihitaji mkaguzi kuligundua. Ndoo 88 zilizobaki, kwa 52,000 kila moja, zina thamani ya 4,576,000, lakini kitabu kitasoma 4,492,000. Ukigawa kwa ndoo 88, kila moja inakuwa imeshuka hadi kama 51,045, bei ambayo haijawahi kulipwa.

Mambo huwa tofauti muuzaji akisema ndoo zibaki kwa bei pungufu. Hapo deni na kodi hupungua vilevile, ila idadi kwenye kadi haisogei. Kinachoshuka ni bei ya kila ndoo. Na duka lisilosajiliwa kwa VAT halina kodi ya kurekebisha kabisa: kwake ile asilimia 18 ni sehemu ya bei tangu mwanzo, hivyo hutoka stoo pamoja na ndoo.

Taarifa ya akaunti kutoka Dar es Salaam ikifika mwisho wa mwezi, duka la Morogoro litadaiwa 5,192,000. Ikiwa bado inasoma 5,900,000, krediti noti haijatolewa, na simu ya kwanza ipigwe kwa mhasibu wa muuzaji kabla hundi haijaandikwa.