Kabla ya Kampuni Kuongeza Deni, Pima Pumzi Yake

Tuchukue kampuni ya kusaga unga wa mahindi mjini Nakuru. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano, lakini mambo yanayoipata ndiyo yanayozipata kampuni nyingi. Wanahisa wameweka mtaji ambao, pamoja na faida iliyobakizwa, umefika shilingi milioni 600. Benki inaidai milioni 400 kwa riba ya asilimia 14. Sasa wakurugenzi wanataka kukopa milioni 300 nyingine wanunue mtambo wa pili. Je, wakope?

Hesabu ya kwanza hutoka kwenye mizania, nayo ni uwiano wa deni. Jumlisha deni na mtaji wa wanahisa, upate milioni 1,000, kisha uulize deni ni sehemu gani ya jumla hiyo. Hapa ni asilimia 40. Wakikopa, deni litakuwa milioni 700 kati ya 1,300, yaani karibu asilimia 54. Hapo wakopeshaji watakuwa wameweka fedha nyingi kuliko wenye kampuni, na benki nyingi zikifika hapo huanza kuuliza maswali magumu. Kampuni ya umeme yenye wateja wa kudumu inaweza kuhimili kiwango hicho bila taabu. Msaga unga, ambaye bei ya gunia la mahindi humpandia na kumshukia kila msimu, hana uhakika huo.

Lakini uwiano huu una udhaifu wake, na ni udhaifu unaowapotosha wengi. Mkurugenzi wa fedha akimwita mthamini, naye akasema kiwanja cha kampuni kimepanda thamani kwa milioni 400, mtaji unaosomeka kwenye mizania unakuwa milioni 1,000 na deni la zamani linashuka hadi chini ya asilimia 29. Yote hayo ni halali. Hata hivyo, hakuna shilingi moja iliyoingia, na kiwanja hakilipi riba.

Ndiyo maana hesabu ya pili, uwiano wa kumudu riba, ina uzito zaidi machoni pangu. Chukua faida kabla ya riba na kodi, uigawanye kwa riba ya mwaka. Kampuni yetu inapata milioni 150 na riba yake ni milioni 56, kwa hiyo inaweza kuilipa mara 2.7. Mthamini wa kiwanja hawezi kuigusa tarakimu hiyo.

Wakurugenzi wana hoja yao. Mtambo mpya utaleta faida ya milioni 60 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 20 ya bei yake, ilhali riba ni asilimia 14. Ni kweli, unalipa. Tatizo ni kwamba riba huanza kuhesabiwa siku fedha zinapotoka benki, na mtambo unaweza kuchukua mwaka mzima kuagizwa, kufungwa na kuzoeleka. Katika mwaka huo riba ni milioni 98 na faida ni ileile 150. Uwiano unashuka hadi 1.5. Mahindi yakiadimika na faida ikapungua kwa theluthi moja, inabaki milioni 100 za kulipa riba ya 98, na mkopo wenyewe haujaanza kurejeshwa.

Tena riba yenyewe haitulii. Mwanzoni mwa 2022 riba ya msingi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7. Februari 2024 ilifika 13. Mkopo wa kampuni yetu ukipanda kwa pointi hizo sita, riba inakuwa milioni 140, hata kama mwaka ni mzuri na faida ni 150.

Msomaji wa hesabu asiishie hapo. Kanuni za uhasibu zinataka riba ya mkopo wa kujengea mradi mkubwa iongezwe kwenye gharama ya mradi wakati ujenzi unaendelea, kwa hiyo riba inayoonekana kwenye taarifa ya mapato inaweza kuwa ndogo kuliko iliyolipwa. Iliyobaki hutajwa kwenye maelezo ya hesabu, kurasa za nyuma ambazo wengi hawazifungui. Irudishe ndipo ugawanye.

Ningewashauri wakurugenzi wakope milioni 150 na kuwaomba wanahisa 150 nyingine. Deni linakuwa asilimia 42, na riba milioni 77. Mwaka wa kufunga mtambo kampuni inailipa karibu mara mbili, na hata mahindi yakiadimika inailipa mara 1.3. Wanahisa wasipokubali kutoa sehemu yao, mtambo wa pili usubiri deni la kwanza lipungue.